Vifaa vitano, seva za nchi 60, data bila kikomo: kifurushi cha VPN kinahesabu nini hasa?

*"Fundi, habari za kazi. Ofisi yetu ya kukusanya parachichi hapa Tukuyu ina kompyuta tatu, simu nne na tableti moja ya ghalani, zote kwenye ruta moja ya laini. Mnunuzi wetu yuko Uholanzi na mfumo wake haufunguki mpaka tuwashe VPN. Nimenunua kifurushi kilichoandikwa vifaa 5, seva nchi zaidi ya 60, data bila kikomo. Kompyuta zinakatika kwa zamu, picha za tableti zinakwama katikati, na bando la GB 20 lililokuwa linafika siku 14 sasa linaisha siku ya sita, ila GB 10 za mitandao ya kijamii zimebaki vilevile. Nilipe cha vifaa 10? Na 'bila kikomo' yao iko wapi?"*
*Msomaji, Tukuyu*

Ndaga, dada. Usilipe cha vifaa 10 kwanza. Kwa dalili ulizozitaja, naona kosa moja kwenye jinsi VPN ilivyowekwa, na kosa hilo ndilo linalokatisha kompyuta, linalokwamisha picha na linalokula sehemu ya bando. Sehemu nyingine ya bando inaliwa na jambo ambalo muuzaji wa VPN hana haja ya kukwambia, kwa sababu halimgusi.

Tuanze na vifaa vitano. Watu wengi husoma "vifaa 5" wakadhani ni vifaa vitano vya kusakinishia programu. Kwa kampuni nyingi sivyo. Unaweza kuisakinisha kwenye vifaa vyote vinane, hakuna atakayekuuliza. Kinachohesabiwa ni vifaa vilivyounganishwa kwa wakati mmoja. Ni kama viti vya Hiace ya Mbeya kwenda Tukuyu: hawahesabu watu wote wanaopandaga gari lile, wanahesabu waliokaa sasa hivi. Wapo lakini wanaohesabu kwa namna nyingine. Mullvad, kwa mfano, wanaandikisha kila kifaa kwenye akaunti na mwisho ni vitano. Ukitaka kuongeza cha sita lazima ufute kimoja, hata kama kile cha zamani kimezimwa kabatini. Proton VPN ya bure inakupa kifaa kimoja tu, ingawa haihesabu GB. Wengine, kama Surfshark, hawaweki idadi kabisa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuingia kwenye akaunti yako na kutazama ukurasa wa vifaa. Ukiona orodha ya majina ya vifaa yenye alama ya kufuta, uko kwenye hesabu ya kuandikisha. Usipoiona, uko kwenye hesabu ya viti.

Sasa angalia neno lako hili: kompyuta zinakatika *kwa zamu*. Viti vikijaa, kwa kawaida hazikatiki kwa zamu. Kifaa cha sita kinakataliwa mlangoni, kinaandika kwenye skrini kwamba vifaa vimezidi, na vile vitano vya mwanzo vinaendelea bila shida. Kukatika kwa zamu ni ugonjwa mwingine, na nimeukuta mara nyingi kwenye ofisi ambako mtu mmoja mwenye nia njema alipakua faili moja la mipangilio ya WireGuard, njia mojawapo ya kuunganisha VPN, kutoka kwenye akaunti, akaliweka kwenye flashi, akalimwaga kwenye kompyuta zote na tableti.

Hakikisha hivi. Kwenye kila kompyuta fungua programu ya WireGuard, bonyeza `Edit`, soma mstari wa `PrivateKey` na mstari wa `Address`. Zikiwa zinafanana kwenye kompyuta zote tatu, umempata mwizi.

Sababu yake ni hii. Seva ya WireGuard haimjui mtu kwa jina wala kwa nenosiri, inamjua kwa ufunguo. Na kwa kila ufunguo inakumbuka mahali pamoja tu: pale iliposikia sauti mara ya mwisho. Kompyuta ya mhasibu ikituma kitu, seva inaandika kwamba ufunguo huu uko kwa mhasibu, na majibu yote yanaelekezwa huko. Kompyuta ya stoo, yenye ufunguo uleule, ikianza kuzungumza, seva inafuta pale pa mhasibu na kuandika pa stoo. Majibu ya mhasibu sasa yanafika stoo, ambako hayafunguki, yanatupwa. Mhasibu anaona ukurasa umeganda. Baada ya kama sekunde 15 za kutuma bila kujibiwa, kompyuta yake inaomba upya kutambulishwa, inakubaliwa, na stoo ndiyo inayoganda. Wanakwenda hivyo mchana kutwa, mmoja akiamka mwingine analala. Ukiongeza ya tatu, hali inakuwa kama mpira wa kona ambao kila mtu anaurukia.

Kipimo chake ni rahisi kuliko maelezo. Zima WireGuard kwenye kompyuta mbili na tableti, acha kompyuta moja kwa nusu saa. Isipokatika hata mara moja, tatizo halikuwa mtandao wa Tukuyu wala mvua. Washa ya pili. Ikianza kukatika ndani ya dakika moja, umethibitisha. Unaweza pia kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika `wg show`. Utapata mistari kama hii:

```
latest handshake: 9 seconds ago
transfer: 412.60 MiB received, 38.15 MiB sent
```

Kifaa kizima kinachotumika hujitambulisha upya kila baada ya dakika mbili hivi. Ukirudia amri mara tano ndani ya dakika mbili na kila mara unaona sekunde chache tu, ujue kinahangaika kujitambulisha, yaani kuna mwenzake anayekinyang'anya nafasi.

Dawa yake ni kila kifaa kuwa na faili lake. Rudi kwenye akaunti, tengeneza faili jipya kwa kila kompyuta na kwa tableti, lipe jina la kifaa chenyewe ili usichanganye, na ufute lile la zamani kotekote, hata kwenye flashi. Ukitumia programu ya kampuni yenyewe badala ya faili, kazi hii inafanyika nyuma ya pazia, ndiyo maana wanaotumia programu hawapati ugonjwa huu.

Hapo utaniambia: fundi, kompyuta tatu, simu nne na tableti ni vinane, na viti ni vitano. Kweli. Lakini hebu tutazame nani anahitaji kiti.

Ruta yenye uwezo wa VPN inashika kiti kimoja, na kila kilicho nyuma yake kinapita kwenye kiti hicho. Seva inaona ufunguo mmoja tu. Huko kwenu ruta ya laini uliyonayo pengine haina sehemu ya VPN, zile nyingi za kampuni za simu hazina, lakini unaweza kuchomeka nyuma yake ruta ndogo ya MikroTik, ambazo mafundi wa Mbeya wanazijua vizuri, mradi iwe inaendesha mfumo wake wa RouterOS toleo la 7, kwa maana WireGuard haimo kwenye toleo la 6. Kompyuta tatu na tableti zikae nyuma yake: kiti kimoja. Laptopu unayosafiri nayo kwenda Mbeya mjini au Dar iwe na faili lake kwa siku ukiwa nje: kiti cha pili. Simu mbili za watu wanaozunguka kwa wakulima, kama kweli wanaingia kwenye mfumo wa mnunuzi wakiwa shambani: cha tatu na cha nne. Kimebaki kimoja cha akiba. Simu mbili nyingine hazina kazi na mfumo wa Uholanzi, ziache huru.

Kuna mipaka miwili hapo. Ruta ndogo inafanya kazi ya kufunga na kufungua pakiti, yaani vipande vya data, kwa ubongo wake mdogo. Kompyuta ikipata Mbps 18 kwa WireGuard yake yenyewe lakini Mbps 6 ikipitia ruta, andika `/system resource print` kwenye ruta wakati unapakua kitu na usome `cpu-load`. Ikiwa inagusa 100, ruta ndiyo imefika mwisho, si kifurushi. Mpaka wa pili uko kwenye masharti: vifurushi vingi vya bei ya chini vimeandikwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani. Tafuta neno hilo kabla hujaunganisha ofisi nzima, kwa sababu kampuni ikiamua kwamba unafanya biashara kwa kifurushi cha nyumbani, ina haki ya kuifunga akaunti wakati kontena lako liko njiani.

Niseme pia habari ya viti vinavyokaliwa na mizimu, maana ukishatengeneza funguo unaweza kukutana nayo. Nilikuwa na mteja Mbalizi, umeme ulikatika mara tatu asubuhi moja. Kila ulipokatika, kompyuta zilizimika bila kuaga. Seva haikujua kwamba zimeondoka. Ziliporudi zikaomba viti vipya huku vile vya zamani vikiwa bado vimeandikwa. Saa nne asubuhi akaunti ya vifaa vitano ilikuwa imejaa na walioko kazini ni wawili. Kwa WireGuard ufunguo wa kikao hufa baada ya sekunde 180, na kampuni nyingi hutumia muda wa kujitambulisha kwa mwisho kuamua nani bado yupo, kwa hiyo subira ya dakika tano huwa inatosha. Yule mteja alikuwa ameshalipia kifurushi kikubwa kabla hajanipigia.

Tuje kwenye bando, ambako ndiko pesa yako inakovuja.

"Data bila kikomo" ya kampuni ya VPN maana yake ni kwamba *wao* hawahesabu GB zinazopita kwenye seva yao. Neno hilo ni la kweli kwa wengi wao. Lakini kila kinachopita kwenye VPN kimepita kwanza kwenye laini yako, na kampuni ya simu inahesabu kila baiti inayopita mnarani, iwe imefungwa au iko wazi. VPN haiongezi GB hata moja kwenye laini. Kwa kweli inazipunguza kidogo: kila pakiti inavishwa bahasha. Kwa WireGuard bahasha hiyo ni baiti 60 juu ya pakiti kubwa ya baiti 1,420, yaani kama asilimia 4. Kwa GB 20 ni MB 800 hivi. Kwenye simu za sauti za intaneti, ambako pakiti ni ndogo, tuseme baiti 200, bahasha ileile ya 60 inakuwa asilimia 30, ingawa sauti haili sana kwa ujumla.

Asilimia 4 haiwezi kuleta siku 14 kuwa sita. Hesabu yako mwenyewe inaonyesha palipovuja. Zamani ulikuwa na GB 20 za kawaida na GB 10 za mitandao ya kijamii, jumla 30 kwa siku 14, yaani GB 2.1 kwa siku. Kampuni ya simu ilikuwa inatazama kila pakiti inakwenda wapi: hii ni ya WhatsApp, ikatwe kwenye fungu la kijamii, hii ni ya barua pepe, ikatwe kwenye la kawaida. Ulipowasha VPN, ikapoteza macho. Inaona mkondo mmoja tu uliofungwa unaokwenda kwenye anwani moja Ulaya. WhatsApp, picha za Instagram, video za wapagazi wakati wa chai, vyote vimo humo ndani na havijulikani, kwa hiyo vyote vinakatwa kwenye GB 20 za kawaida. Ndiyo maana GB 10 za kijamii zimekaa bila kuguswa. Salio hilo ndilo ushahidi wenyewe.

Sasa weka matumizi yote, GB 2.1 na asilimia 4 yake, kwenye fungu moja la GB 20. Utafika siku ya tisa. Ninyi mmefika ya sita. Siku tatu zilizobaki zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye marudio. Picha ya tableti ikifika asilimia 70 kisha ufunguo ukanyang'anywa, mifumo mingi ya kupakia haiendelezi ilipoishia, inaanza mwanzo. Zile asilimia 70 umeshazilipia, utazilipia tena. Tuseme ghala linapiga picha 150 kwa siku, kila moja MB 4. Hizo ni MB 600 zikipita mara moja. Zikikwama katikati na kurudiwa hata mara mbili kila moja, zinakuwa MB 1,200, na MB 600 zimepotea bila kazi. Ongeza kurasa zinazofunguliwa upya, viambatanisho vya barua pepe vinavyoanza upya, simu ya video na mnunuzi inayopigwa mara nne ndipo ikamilike. Pengo lenu ni kama GB 1.1 kwa siku, na hapo limeshaanza kujazika. Kwa hiyo ukitengeneza zile funguo, bando litarudi siku kadhaa hata kabla hujafanya lingine.

Lingine lenyewe ni kuacha VPN ibebe kile tu kinachohitaji VPN. Faili la kampuni huja na mstari huu:

```
AllowedIPs = 0.0.0.0/0
```

Maana yake: peleka kila kitu humu. Ukiubadilisha ukaandika anwani ya mfumo wa mnunuzi peke yake, kwa mfano

```
AllowedIPs = 203.0.113.25/32
```

basi mfumo wa Uholanzi utapita kwenye VPN, na WhatsApp, YouTube na habari za hapa nyumbani zitapita moja kwa moja, zikikatwa kwenye mafungu yake kama zamani. Anwani hiyo niliyoandika ni ya mfano. Ya kweli muulize fundi wa mnunuzi, na umuulize pia kama huwa inabadilika au kama ziko nyingi. Usiitafute mwenyewe kwa kubahatisha, kwa sababu mifumo mingi mikubwa inakaa kwenye anwani kadhaa zinazozunguka, na leo ikifanya kazi kesho itagoma. Akikwambia zinabadilika, njia ya mkato ni kuiacha VPN ichukue kila kitu, lakini kwa kompyuta moja au mbili za nyaraka na tableti tu. Kwenye MikroTik fundi anaweza kukutengenezea majina mawili ya waifai, moja linalopita VPN na jingine lisilopita, na simu zote zikae kwenye lile la pili.

Kuna mtego hapo unaowaangusha hata mafundi. Faili hilohilo lina mstari wa `DNS`, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na mara nyingi anwani iliyoandikwa pale inapatikana ndani ya VPN tu. Ukipunguza `AllowedIPs` bila kuiongeza anwani hiyo, kompyuta itaikosa, na utaona kila tovuti haifunguki. Dalili yake ni kwamba `ping 8.8.8.8` inajibu vizuri lakini jina lolote la tovuti halipatikani. Ama uongeze anwani ya `DNS` kwenye `AllowedIPs`, ukitenganisha kwa mkato, ama ufute mstari wa `DNS` ili kompyuta itumie ile ya ruta.

Na tableti: shusha ukubwa wa picha kwenye kamera mpaka ziwe za MB 1 hivi, kama mnunuzi anaridhika na anaona doa kwenye ganda. Kisha zima ile hifadhi ya picha inayojipakia yenyewe ikiona waifai. Tableti haijui kwamba waifai yako ni laini ya bando; inadhani iko kwenye faiba ya mtu. Kompyuta za Windows nazo ziwekee `Metered connection` kwenye mipangilio ya waifai ile, ziache kujishushia masasisho ovyo.

Nchi zaidi ya 60 ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kuliko vyote, na ndizo zenye faida ndogo kwako. Unahitaji nchi moja: Uholanzi. Mfumo uko huko, pakiti zako lazima zifike huko hata hivyo, kwa hiyo seva ya Amsterdam haikuzungushi. Kutoka nyanda zetu hizi hadi Dar, kisha kwa nyaya za baharini hadi Ulaya, kwenda na kurudi tarajia takriban milisekunde 150 hadi 180. Ukichagua New York kwa sababu tu jina linavutia, pakiti inapita Ulaya, inavuka Atlantiki, kisha inarudi Amsterdam. Kuvuka kule na kurudi ni kama milisekunde 80, na unakulipia mara mbili. Unafika 330, na kila kitufe kwenye mfumo wa mnunuzi kinaonekana kizito ingawa kasi yako haijapungua.

Lakini kuna jambo moja kwenye orodha hizo za nchi ambalo ninataka ulijue, kwa sababu linatuumiza hasa sisi wa Afrika. Bendera unayoiona kwenye programu haimaanishi kwamba mashine iko kwenye nchi ile. Kampuni inaweza kuandikisha anwani kama ya Kenya na kuiweka mashine yenyewe London. Baadhi wanasema waziwazi, Proton wanaita `Smart Routing`, wengine wanaweka neno `virtual` pembeni. Wengine hawasemi. Mtu wa Mbeya anachagua "Nairobi" akidhani ni jirani, kumbe tovuti ya Dar anayoifungua inasafiri Ulaya na kurudi.

Fizikia inamsaidia mtu wa kawaida hapa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. London hadi Nairobi ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi 13,600, kwa hiyo hakuna mashine ya Nairobi inayoweza kuijibu London chini ya milisekunde 68. Chukua anwani iliyo kwenye mstari wa `Endpoint` wa faili lako, uiweke kwenye tovuti inayopiga `ping` kutoka miji mingi, kama `check-host.net`. Ikiwa London inapata jibu kwa milisekunde 2, mashine hiyo iko London au kando yake, bendera iseme inavyotaka. Angalizo: kipimo hiki kinathibitisha upande mmoja tu. Jibu la haraka linathibitisha ukaribu. Jibu la polepole linaweza kuwa umbali au linaweza kuwa njia mbovu. Na seva nyingine zimefungwa zisijibu `ping` kabisa.

Kwa upande wa sheria zetu, tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, na mwisho uliowekwa ulikuwa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Ninyi mna sababu halali ya kibiashara, basi iandikisheni. Hapo ndipo orodha ya nchi 60 inakuwa mzigo: ukirukaruka kati ya seva, anwani yako inabadilika kila siku na huwezi kuieleza. Kampuni nyingi huuza nyongeza ya anwani ya kudumu. Kwa ofisi yako ningeitoa pesa huko kabla ya kuitoa kwenye vifaa 10, kwa sababu pia fundi wa mnunuzi anaweza kuiruhusu anwani hiyo moja kwenye mfumo wake.

Limebaki swali la kasi. "Bila kikomo" inahusu wingi, haihusu kasi. Seva yenye bomba la Gbps 1 ikiwa na watu 250 wanaopakua kwa pamoja, kila mmoja anapata Mbps 4, na hakuna aliyedanganya. Wengine wana masharti ya matumizi ya haki ndani ya mkataba, na ukizidi kiasi fulani wanakubana. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia huduma moja ya "bila kikomo" kwa ajili ya kunakili mafaili ya wateja. Kila mwezi wiki mbili za kwanza ilikwenda vizuri, kisha kasi ikashuka ghafla na kubaki pale pale mpaka tarehe ya malipo iliyofuata. Nilipolalamika nilioneshwa sentensi moja katikati ya masharti marefu.

Hivi ndivyo unavyotofautisha msongamano wa seva na kubanwa na kampuni. Msongamano unafuata saa: saa tatu usiku ni mbaya, saa kumi na mbili asubuhi ni nzuri, na ukihamia seva nyingine ya mji uleule unaweza kupona. Kubanwa kunafuata kiasi: kunaanza ukishapitisha GB fulani, hakujali ni usiku au alfajiri, na kila seva unayohamia ni vilevile. Ila kila unapopima VPN, izime upime na laini tupu dakika hiyohiyo. Laini ikitoa Mbps 6 na VPN ikatoa 5.5, VPN haina hatia. Mnara wa Tukuyu ndio umefika mwisho wake. Laini ikitoa 20 na VPN ikatoa 4, hapo ndipo una kesi ya kuwaandikia. Pima hivyo kwa wiki moja, asubuhi na usiku, uandike kwenye daftari. Fanya mapema, kwa sababu kampuni nyingi hurudisha pesa ndani ya siku 30 tu tangu ulipolipa.

Ile tofauti ya bei uliyokuwa tayari kulipia vifaa 10, dada, nunulia UPS ndogo ya ruta. Ruta za laini nyingine zina betri yake, MikroTik haina, na umeme ukipepesa inazima na kuikata VPN katikati ya picha ya ghalani. Ikibaki na moto zile dakika kumi au ishirini, tableti itamaliza kupakia, na jenereta ikiwaka kompyuta zitaikuta njia iko wazi.